Bosi hajatamka, na mimi sijui nakataa nini

Shikamoo Shangazi.

Nina miaka 27, naishi Mabawa hapa Tanga na mama yangu. Nafanya kazi kwa wakala mmoja wa forodha karibu na bandari, naandaa nyaraka za mizigo. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja, unaisha 30 Novemba, na anayeandika tathmini yangu ni msimamizi wangu, mwanamume wa miaka 41 aliyeachana na mkewe.

Mwezi wa tatu mama alilazwa. Bosi alinipa siku 4 nikauguze, akaziandika kwenye likizo yangu ya mwaka, na akanitumia shilingi 150,000 za dawa. Tangu hapo mambo yamebadilika. Jioni ananisubiri anirudishe nyumbani kwa gari lake. Tukiwa ndani ya gari anakataa nisimwite bosi, anasema "humu mimi si bosi wako". Ikifika saa 3 usiku simu inalia: umefika? umekula? umelala? Hajawahi kunigusa wala kutamka kuwa ananipenda. Nami nacheka, nasema inshallah, nasema siku nyingine. Alipotaka twende kula Raskazone Jumapili nilimwambia nina mchumba. Sina.

Mwezi uliopita nilikataa lifti mara moja. Kesho yake hakuniitikia salamu, akanipeleka yadi kuhesabu magunia yanayoshushwa, juani, tangu asubuhi mpaka saa 9. Kazi ile huwa wanapewa wavulana. Labda ilitokea tu. Shangazi, simchukii, kazi ninayoijua amenifundisha yeye, kwa subira. Mama anampenda, na kila nikilalamika ananiambia "usikatae wito, kataa neno". Wenzangu wameanza kuniita shemeji. Je, huu ni wema, ni mapenzi au ni mtego? Na nitakataaje jambo ambalo mtu hajalitamka?

Binti wa Mabawa

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama kwenye neno moja: "Sina." Nimekwama kwa sababu uongo ule wa mchumba niliwahi kumfundisha mtu mimi mwenyewe.

Nilikuwa ofisi ya utumishi katika hoteli moja ya ufukweni, kule Bagamoyo. Binti wa mapokezi akanijia na shida iliyofanana sana na yako, nikamwambia: sema una mchumba, yatakwisha. Yakaisha kweli, kwa miezi miwili. Kisha mkuu wake akaanza kuuliza. Huyo mchumba anafanya kazi wapi? Mbona haji kukuchukua zamu ya usiku ikiisha? Binti akatunga uongo wa pili ili kuushikilia wa kwanza, na wa tatu kuushikilia wa pili. Mwisho mkuu akaulizia kwa wenzake, akajua hakuna mtu. Mwaka ulipoisha, fomu ya tathmini ikaletwa mezani kwangu. Mahali pa kueleza uaminifu wa mfanyakazi palikuwa pameandikwa kwamba si mkweli. Kuhusu mapenzi hapakuwa na herufi. Nami sikuwa na njia ya kueleza uongo ule ulitoka wapi bila kumwaga siri ya binti wa watu mbele ya ofisi nzima. Mkataba wake haukuendelea. Ushauri ulikuwa wangu, na unaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo sikulaumu kwa kusema una mchumba. Nataka tu uone neno lile limefanya nini. Bosi hakusikia kwamba hutaki. Alisikia kwamba kuna mwanamume mwingine aliyemtangulia, na mwanamume aliyetanguliwa anaweza kungoja zamu yake. Na siku atakapotaka kukuumiza, umeshamwachia kitu cha kushika ambacho hakina uhusiano na mapenzi.

Hayo majibu yako mengine nayo tuyatazame. Huku kwetu pwani hatumkatalii mtu usoni. Tukisema inshallah kwa namna fulani ya kuvuta sauti, jirani anajua kwamba hatuji. Tukisema siku nyingine, mwenye adabu haulizi siku gani. Wengine hata hawasemi, wanajifunga kanga yenye maneno yake na ujumbe unafika. Lugha hiyo ni nzuri, mimi mwenyewe naitumia, lakini inafanya kazi baina ya watu waliolingana, ambao kila mmoja akikosea kusoma atapata hasara yake. Mkubwa wa kazi hana hasara akikusoma vibaya, hasara yote ni yako. Anaweza kusikia "siku nyingine" na kuichukua kama ilivyo, kwamba siku ipo na bado haijafika. Ukimwambia "leo nimechoka" umempa tatizo alitatue, na gari analo. Ukimwambia "mama yuko peke yake" atakwambia basi tupite tumsalimie. Kila sababu unayotoa ina dawa yake au ina tarehe ya kuisha, na ikiisha anarudi mlangoni bila kujua kwamba alikwisha kukataliwa.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume wetu wengi wamelelewa nalo, nalo ni kwamba binti akinyamaza amekubali. Hilo lina asili yake, tena ya heshima: binti anapoposwa, anaulizwa na walii wake, na akinyamaza kwa haya, kunyamaza kule ni ridhaa. Lakini angalia ni nani anayeuliza. Ni baba au babu, mtu wa upande wake, na mposaji mwenyewe hayupo pale, wala haushikilii mshahara wa binti. Kuichukua kanuni ile ya nyumbani na kuipeleka ofisini, ambako mwenye kutaka ndiye huyohuyo mwenye kalamu ya tathmini, ni kuipotosha. Kicheko chako ndani ya gari ni cha mtu ambaye mkataba wake unaisha Novemba. Inawezekana bosi wako hajui hilo kabisa. Inawezekana anaamini kwa moyo safi kwamba mnaelewana.

Ndiyo maana swali lako la kwanza, kama ni wema, mapenzi au mtego, siwezi kukujibu, wala sidhani linahitaji jibu ili ujue la kufanya. Mtu anaweza kuwa mwema, akapenda kweli, na bado akawa amekubana. Kilicho moyoni mwake hukioni. Unachokiona ni kinachoipata kazi yako unapomkatalia jambo dogo, na dogo moja umeshamkatalia.

Siku ile ya yadi imekusumbua, na mimi imenisumbua. Hata hivyo siku moja peke yake haisemi mengi, pengine kijana mmoja aliumwa na mtu akahitajika. Anza kuandika. Daftari dogo linatosha, likae nyumbani, lisikae kwenye kompyuta wala simu ya ofisi. Andika tarehe, saa, maneno yake kama alivyoyasema, wewe ulijibu nini, na siku mbili tatu zilizofuata ulipangiwa kazi gani. Hilo la mwisho watu husahau, nalo ndilo lenye uzito. Ujumbe wa usiku usiufute, hata ule unaokukera. Ukikataa lifti mara tatu katika majuma mawili matatu, na mara zote tatu ukajikuta yadi au ukanyimwa salamu, hapo una jambo la kumwonyesha mtu. Ukikataa mara tatu na kazi ikaendelea kama kawaida, utakuwa umejua kuhusu mtu huyu jambo ambalo hakuna shangazi angeweza kukuambia, na huenda hofu ikapungua.

Kuhusu kukataa kisichotamkwa, naelewa unaogopa nini. Ukimwambia "sikutaki" atakujibu "nani kakwambia nakutaka?", na aibu itakurudia wewe. Basi mapenzi usiyataje. Zungumzia vile vitu viwili vinavyoonekana, gari na simu ya usiku. Kwa mfano: "Bosi, nashukuru kwa lifti, ila kuanzia sasa nitarudi kwa bajaji. Na naomba ya kazi tuyazungumze saa za kazi, usiku sitakuwa najibu." Yaishie hapo. Usiongeze sababu, kwa maana utaona mdomo unawasha kutoa sababu. Akiuliza kwa nini, rudia tu: "Ndivyo ninavyopenda iwe." Muite bosi. Na usiseme ndani ya gari wala usiandike saa 3 usiku. Iwe asubuhi, ofisini, mlango ukiwa wazi, au kwa ujumbe saa za kazi ambao utabaki kwenye simu yako wenye tarehe yake.

Kabla ya siku hiyo, ningekuwa wewe ningefanya kitu kimoja. Ningemwomba tathmini ya nusu mkataba kwa maandishi, sasa, mambo yakiwa bado matamu. Ni ombi la kawaida kwa mtu wa mkataba wa mwaka: nimefanya nini vizuri, nirekebishe wapi kabla ya Novemba. Akiandika leo kwamba nyaraka zako hazina makosa, itakuwa vigumu Novemba kuandika kwamba umeshindwa kazi. Na kama yeye au mtu wa utumishi atakuahidi kuendelea, jitahidi ahadi hiyo iwe kwenye maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu kutohuishwa kwa mkataba wa muda maalumu kuwa ni kuachishwa kazi, pale mfanyakazi alipokuwa na matarajio ya msingi kwamba ungehuishwa. Matarajio hayo huthibitishwa kwa karatasi, si kwa machozi. Likikufika hilo, mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na una siku 30 tu za kufungua mgogoro wa kuachishwa. Nimeona watu wakizimaliza hizo siku 30 wakiwa bado wanalia nyumbani.

Sheria hiyohiyo inahesabu unyanyasaji kazini kuwa ni aina ya ubaguzi. Na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamhusu mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kumpa mtu kazi, cheo au haki yake. Huko ni TAKUKURU, na simu ya 113 haina malipo. Kwa uliyoniandikia, hajafika huko. Nakueleza ili uujue mstari uko wapi, kwa sababu siku atakapounganisha kwa mdomo wake Novemba na Raskazone, hata kwa mzaha, jambo litakuwa jingine na lugha ya upole ya asubuhi haitatosha.

Kuna hatari katika haya yote, nisikufiche. Anaweza kununa. Anaweza kuacha kukufundisha, na hiyo ni hasara ya kweli kwako, maana mtu anayefundisha kwa subira ni adimu. Ukienda utumishi mapema mno, kabla daftari halijajaa, wanaweza kukuuliza "amekukosea nini?" ukakosa la kusema. Na ukikaa kimya mpaka Novemba, kila lifti uliyopanda itahesabiwa kuwa ni hiari yako. Sijui ipi kati ya hizo unaweza kuibeba. Wewe ndiye unayejua mama anakula nini mshahara usipoingia mwezi mmoja.

Nahisi pia unajiona una deni. Hebu tulihesabu pamoja. Siku 4 za kumuuguza mama ziliandikwa kwenye likizo ya mwaka, na likizo ya mwaka ni siku 28 unazostahili kisheria. Siku zile zilikuwa zako, yeye alisaini tu, na kusaini ni kazi yake. Subira ya kukufundisha ni njema na anastahili shukrani, ila mkuu wa kazi analipwa pia kwa ajili ya kufundisha. Kinachobaki kuwa chake hasa ni shilingi 150,000. Kumrudishia ghafla, tena kwa ubaridi, kutamdhalilisha. Unaweza kusema uliichukua kama mkopo na ukairudisha kidogo kidogo. Au mama mwenyewe ampigie simu siku moja, mchana, amshukuru kama mzazi anavyomshukuru mtu aliyemfaa mwanawe katika ugonjwa. Shukrani ikishatoka kwa mama, inakuwa imefika kwa mlango mkubwa, nawe hudaiwi tena tabasamu la kila jioni.

Lakini kwanza zungumza na mama. Anaona mwanamume mwenye kazi, mtaratibu, aliyewakumbuka wakati wa shida, na kwa jicho la mzazi hakosei kutamani. Methali yake ni ya kweli, ila inamfaa mtu ambaye akishaitika wito bado ana uwezo wa kulikataa neno. Wewe umekuwa ukiitika wito kila jioni saa 11, na kila ukiitika, neno linazidi kuwa gumu kukataa. Mweleze siku ya yadi. Sidhani umewahi kumweleza.

Hao wanaokuita shemeji, mmoja wao tu, unayemwamini, mwambie kwa utulivu kwamba jina hilo halikupendezi. Hutaki siku moja waulizwe na wajibu kwamba ofisi nzima ilijua ninyi ni wapenzi.

Nimeacha la mwisho lile uliloandika kwa neno moja, "simchukii". Sitakulazimisha uelewe zaidi ya ulivyoandika. Lakini ikiwa ndani yake kuna kitu kidogo kinachompenda, usikionee aibu, na usikiamulie ndani ya lile gari. Anasema humo yeye si bosi. Bosi hauvui ubosi kwa kubadili kiti. Anaweza kuuvua kwa njia moja, kwenda kwa mkubwa wake na kusema: tathmini ya binti huyu naomba aandike mtu mwingine. Mwanamume wa miaka 41 anajua njia hiyo ipo. Akiifuata kwanza, kisha akaja Mabawa mchana kweupe na mshenga wake, utaulizwa na watu wako, na jibu lolote utakalotoa siku hiyo halitagusa kazi yako. Asipoifuata, nawe bado unampenda, jiulize ungempenda hivihivi kama mkataba wako ungekuwa unasainiwa na mtu mwingine. Huenda ukapata ndiyo. Huenda ukapata hapana. Mimi sijui, nisingependa kukisia.

Leo ikifika saa 3 na simu ikalia, iache mpaka asubuhi. Saa 2 ukiwa mezani kwako, mjibu: "Nilifika salama bosi, asante." Halafu fungua daftari uandike alikupangia kazi gani siku hiyo, na kesho yake. Ukishakuwa na kurasa tatu nne, niandikie tena.